Karibu na sifuri, saini haitulii

Chukua kikokotoo cha kisayansi, kile cha vitufe vingi wanachotembea nacho wanafunzi wa kidato cha tano na sita. Hakikisha juu ya kioo kimeandika DEG au herufi D, yaani kinapima pembe kwa nyuzi. Sasa tafuta sin(1/x) ukianza na x = 0.1. Moja gawanya kwa 0.1 ni 10, na saini ya nyuzi 10 ni 0.1736. Punguza x iwe 0.01, utapata saini ya nyuzi 100, ambayo ni 0.9848. Endelea na 0.001, kikokotoo kitajibu -0.9848. Weka 0.0001, kitajibu -0.9848. Weka 0.00001, ni ileile -0.9848, na hata ukiongeza sifuri nyingine tatu jibu halibadiliki.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angefunga daftari hapo na kuandika kwamba x ikikaribia sifuri, sin(1/x) inakaribia -0.9848. Angekuwa amekosea, wala kosa si la kikokotoo. Hesabu zote hizo ni sahihi. Kilichomponza ni namna alivyochagua namba za kujaribu.

Tuanze na jinsi jibu lile linavyoganda. Saini hujirudia kila baada ya nyuzi 360, kwa hiyo katika pembe kubwa kinachohesabika ni baki tu baada ya kutoa mizunguko kamili. Nyuzi 1,000 ni mizunguko miwili na baki 280. Nyuzi 10,000 ni mizunguko 27 na baki 280. Hiyo si bahati. Ukishakuwa na baki 280, ukizidisha pembe yako kwa kumi baki hiyo inakuwa 2,800, na 2,800 ni mizunguko saba na baki 280 tena. Ukishaingia humo hutoki. Kila ukigawa x kwa kumi unaangukia palepale kwenye nyuzi 280, na saini ya nyuzi 280 ni -0.9848. Ni kama mgeni anayemtembelea jirani kila Ijumaa mchana, kila mara anakuta pilau, akatoka akiwaambia watu kwamba nyumba ile haipiki kingine.

Sasa, tukisema fanksheni ina kikomo fulani x inapokaribia sifuri, tukiite kikomo hicho L, tunatoa ahadi nzito kuliko inavyosikika. Tunaahidi hivi: wewe taja umbali wowote kutoka L, uwe mdogo unavyotaka, nami nitakuonyesha eneo dogo kuizunguka sifuri ambamo kila x, ukiacha sifuri yenyewe, inatoa jibu lililo ndani ya umbali huo. Uzito wote uko kwenye hilo neno "kila". Si x za 0.1, 0.01 na 0.001 peke yake. Basi ahadi ikiwa ya kweli, mfuatano wowote wa namba unaosogea kwenye sifuri utaleta majibu yanayosogea kwenye L ileile. Kwa hiyo ukipata mifuatano miwili inayoishia sifuri, huku majibu yake yakienda sehemu mbili tofauti, ahadi imevunjika na hakuna L.

Mifuatano hiyo tutaipataje? Hapa ndipo wengi wanapohangaika, kwa sababu wanaanza kubahatisha thamani za x. Anza upande wa pili, kwenye pembe. Jiulize ni pembe zipi ambazo saini yake unaijua bila kikokotoo. Saini hufika kileleni, yaani 1, kwenye nyuzi 90, halafu kila baada ya mzunguko mmoja: 450, 810, na kuendelea. Hufika chini kabisa, yaani -1, kwenye nyuzi 270, kisha 630, 990, na kuendelea. Sisi tunataka 1/x iwe mojawapo ya pembe hizo, kwa hiyo x ni moja gawanya kwa pembe. Kwisha.

Mfuatano wa kwanza ni 1/90, 1/450, 1/810, na kwa jumla

a_n = 1/(360n + 90)

ambapo n ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Wa pili ni 1/270, 1/630, 1/990, na kwa jumla

b_n = 1/(360n + 270)

Yote miwili inaishia sifuri, maana n ikikua namba ya chini ya sehemu inakua bila ukomo. Hakuna hata namba moja kati ya hizo iliyo sifuri yenyewe, na hilo ni sharti. Lakini angalia majibu: kwenye mfuatano wa kwanza sin(1/x) ni 1, 1, 1, milele, kwenye wa pili ni -1, -1, -1, milele. Sifa nzuri ya chaguo hili ni kwamba hakuna la kukadiria, majibu yametulia tangu hatua ya kwanza.

Atakayesema labda kikomo kipo katikati, tuseme sifuri, ajibiwe hivi. Tuseme L ipo, popote pale. Nachagua umbali wa nusu. Ahadi inasema karibu na sifuri majibu yote yako ndani ya nusu kutoka L. Namba za mfuatano wa kwanza zimo katika eneo hilo, kwa hiyo 1 iko ndani ya nusu kutoka L. Za mfuatano wa pili nazo zimo, kwa hiyo -1 iko ndani ya nusu kutoka L. Basi kutoka -1 kwenda L haizidi nusu, kutoka L kwenda 1 haizidi nusu, jumla haizidi moja. Lakini kutoka -1 hadi 1 ni mbili. Hesabu imegoma, na imegoma kwa L yoyote ile, hatukuhitaji hata kuitaja.

Ni vizuri kutazama kwa karibu jinsi mifuatano hii inavyopishana. Ukizipanga namba zake kutoka kubwa hadi ndogo unapata 1/90, 1/270, 1/450, 1/630, moja ya juu, moja ya chini, bila kukosea zamu. Ukienda mbali, n ikiwa milioni moja, a_n ni moja gawanya kwa 360,000,090 na b_n ni moja gawanya kwa 360,000,270. Tofauti ya namba hizo mbili haifikii hata sehemu moja ya trilioni. Katika upenyo huo saini inashuka kutoka kileleni hadi chini kabisa, safari nzima ya mbili.

Ndiyo maana grafu yake huwatesa wachoraji. Kati ya x = 0.01 na x = 0.001 pembe inatoka nyuzi 100 hadi 1,000, kwa hiyo kuna mawimbi mawili na nusu. Kati ya 0.001 na 0.0001 kuna mawimbi 25. Katika kipande kinachofuata ni 250. Kila kipande ni chembamba mara kumi kuliko kilichotangulia, na kina mawimbi mara kumi zaidi, yote yakiwa na kimo kilekile. Kompyuta huchora kwa kuchukua nukta chache na kuziunga, hivyo ikifika karibu na sifuri inatoa ama doa jeusi ama maumbo ya kupendeza ambayo kwenye fanksheni hayamo. Ukiyaona, usiyafasiri, ni Ijumaa ya jirani ileile.

Kuna jibu la mtihani ambalo mwalimu akilikuta hulikata, na mwanafunzi hubaki akinung'unika: "Kikomo hakipo kwa sababu 1 haigawanyiki kwa sifuri." Ni kweli haigawanyiki, lakini sababu si hiyo. Kikomo hakijali kinachotokea kwenye sifuri yenyewe. Chukua x sin(1/x). Nayo haina thamani kwenye sifuri, nayo inapanda na kushuka mara zisizohesabika, lakini kikomo inacho, nacho ni sifuri. Saini haizidi 1 wala haishuki chini ya -1, kwa hiyo x sin(1/x) imebanwa kati ya -x na x, au kati ya x na -x upande wa namba hasi, na kuta hizo mbili zinakutana kwenye sifuri. Mawimbi yapo, ila yanafifia. Kwenye sin(1/x) tupu hakuna cha kuyafifisha.

Mfano huo unafundisha na ukomo wa silaha yetu. Ukijaribu mifuatano yetu miwili kwenye x sin(1/x), yote itakupeleka sifuri, lakini hilo peke yake lisingethibitisha kikomo. Mifuatano miwili inayogombana inatosha kukana. Mifuatano inayokubaliana, hata iwe elfu, haitoshi kukiri, zile -0.9848 zilikuwa zimekubaliana vizuri sana. Kukiri kunahitaji hoja inayoshika kila x, kama ile ya kuta mbili.

Vitabu vya kalkulasi havitumii nyuzi, vinatumia radiani, ambamo mzunguko mmoja ni 2π. Hoja haiguswi: weka 2π mahali pa 360, π/2 mahali pa 90 na 3π/2 mahali pa 270. Kubadili kipimo ni kuivuta grafu au kuikaza upande mmoja kwa uwiano usiobadilika, na hilo haliwezi kuzaa kikomo wala kukiua. Tofauti utaiona kwenye kikokotoo. Kikiwa kwenye RAD, 0.1, 0.01, 0.001 na 0.0001 zitakupa -0.5440, -0.5064, 0.8269 na -0.3056, fujo inayoonekana wazi. Kwa maoni yangu nyuzi zinafundisha vizuri zaidi hapa, kwa kuwa ndizo zinazodanganya.

Wala 1 na -1 si vituo pekee. Ukitaka mfuatano unaoishia nusu, tumia 1/(360n + 30). Ukitaka -0.9848, unao tayari. Taja namba yoyote kuanzia -1 hadi 1, tafuta pembe yenye saini hiyo, ongeza mizunguko, geuza. Mfaransa Augustin-Louis Cauchy aliliona hili mapema. Katika kitabu cha kufundishia alichokichapisha Paris mwaka 1821, alitoa sin(1/x) kama mfano wa fanksheni yenye vikomo visivyohesabika, vyote vilivyo kati ya -1 na 1, akabuni hata alama ya mabano mawilimawili ya kuviandikia. Hisabati ya leo inadai kikomo kiwe kimoja au kisiwepo, kwa hiyo pale Cauchy alipoandika vingi, mwanafunzi anaandika "hakipo", akiambatanisha a_n na b_n.