Anapopoteza Hesabu ya Rakaa: VVU, Ubongo na Kipimo cha Dakika Chache

Mara ya kwanza alipotoa salamu baada ya rakaa tatu katika swala ya Alasiri, tulimkumbusha, akainuka akakamilisha. Sote husahau. Ilipotokea mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja, minong'ono ilianza msikitini. Dukani kwake nako wateja walilalamika kwamba mzee amekuwa mzito wa kurudisha chenji. Ana umri wa miaka 52, na kwa miaka mingi watu wa Makongolosi walimjua kwa wepesi wake wa hesabu.

Mkewe aliponiita nyumbani, kauli yake ilikuwa fupi: "Ustadhi, mume wangu hakuwa hivi." Walikwisha kumsomea ruqya kwa wiki tatu. Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba alikuwa akiishi na VVU na kutumia dawa kwa miaka mingi. Wameniruhusu kuyaandika haya bila ya jina, kwa kuwa wanaamini kuna nyumba nyingine zenye hali kama hiyo. Nao hawakosei: utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta kwamba katika mkoa wetu wa Mbeya, kati ya watu wazima 100, takriban tisa walikuwa na VVU, na Iringa takriban 11.

Virusi ndani ya ubongo

Wengi tumefundishwa kwamba VVU hushambulia kinga ya mwili. Ni kweli, lakini virusi hivyo huingia pia katika ubongo, tena mapema, ndani ya majuma ya mwanzo ya maambukizi. Ubongo una ukuta unaochuja kinachotoka katika damu. Virusi huuvuka ukuta huo vikiwa vimejificha ndani ya seli nyeupe za damu, mithili ya mgeni aliyeingia nyumbani chini ya joho la mwenyeji. Vikishafika, hukaa katika seli za ulinzi za ubongo wenyewe.

Seli zinazofikiri na kukumbuka haziambukizwi moja kwa moja. Hudhurika kwa ujirani. Seli za ulinzi zilizoambukizwa hutoa kemikali za uvimbe na protini za virusi, na sumu hizo hudhoofisha viungo vya mawasiliano baina ya seli za fikra. Sehemu inayoumia sana ni ile ya ndani ya ubongo inayoratibu kasi ya mwendo na ya mawazo. Ndiyo maana maradhi haya hutofautiana na usahaulifu wa kawaida wa uzeeni. Mgonjwa huwa mzito kwanza: jibu huchelewa, mkono huchelewa, kazi yenye hatua nyingi humshinda. Anaweza kusahau jambo, lakini akidokezwa hulikumbuka.

Vidole, mkono na maneno manne

Katika Kliniki ya Tiba na Matunzo (CTC) hapakuwa na mashine ya kupiga picha ya ubongo. Mhudumu alitumia kipimo kiitwacho kwa kifupi IHDS, kilichotangazwa mwaka 2005 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na wenzao wa Uganda, baada ya kujaribiwa Baltimore na Kampala. Kinahitaji saa, meza na mtu makini.

Kwanza mgonjwa hutajiwa maneno manne, naye huyarudia: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Kisha, kwa mkono asioutumia sana, hugonganisha kidole gumba na cha shahada kwa upana na kwa haraka kadiri awezavyo, kwa sekunde tano. Akifikisha mara 15 hupata alama nne. Mara 11 hadi 14 hupata tatu, na kuendelea kushuka. Mzee wetu aligonga mara 12, akapata tatu.

Halafu huonyeshwa mfuatano wa mkono juu ya meza: ngumi, kisha kiganja kikilala, kisha mkono ukisimama kwa ubavu wa kidole cha mwisho. Hutakiwa kuurudia kwa sekunde kumi, na kila mfuatano kamili una alama moja, hadi nne. Yeye alikamilisha miwili. Mwisho huulizwa yale maneno manne. Alikumbuka matatu mwenyewe, alama tatu. "Kofia" ilikuja baada ya kudokezwa kuwa ni vazi, nusu alama. Jumla ilikuwa 8.5 kati ya 12. Anayepata 10 au chini ya hapo anahitaji uchunguzi zaidi.

Alama si hukumu

Hapa ndipo familia hukosea. Katika majaribio ya Kampala, kipimo hiki kilinasa watu wanane kati ya kila kumi waliokuwa na maradhi ya akili yatokanayo na VVU. Lakini karibu nusu ya wale wasio nayo nao waliangukia chini ya mstari. Kipimo ni kama ungo wenye matundu madogo: huzuia hata visivyohusika. Aliyesoma kidogo, mwenye umri mkubwa au mwenye huzuni nzito anaweza kupata alama ndogo bila ya kuwa na maradhi haya.

Kwetu Makongolosi lipo jambo la ziada. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, na mvuke wake wakati wa kuchoma dhahabu hudhuru ubongo, ukaleta mtetemo wa mikono, usahaulifu na hasira. Mchimbaji mwenye VVU anaweza kuwa na madhara yote mawili, au moja tu. Basi mhudumu aambiwe kazi ya mgonjwa, na kama mkono uliwahi kuvunjika.

Vilevile mabadiliko yaliyokuja kwa siku au majuma machache, pamoja na homa, kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa au degedege, hayasubiri kipimo cha vidole. Hayo huweza kuwa maambukizi ya utando wa ubongo, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee wetu hakuwa na dalili hizo, wala hakuwahi kufanya kazi ya zebaki. Kilichogundulika ni wingi wa virusi kupanda. Alikuwa akisahau dawa, virusi vikarudi, na virusi vikamzidishia kusahau. Wiki za ruqya hazikuwa kosa kwa sababu ya kisomo. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyehesabu vidonge.

Tiba yake ilianzia hapo. Mkewe sasa humpa kidonge kila siku baada ya Isha na kuweka alama kwenye kalenda. Huko Kampala, watafiti waliwaona wagonjwa walioanza ARV wakipata nafuu ya fikra baada ya miezi mitatu na sita. Kwake, baada ya miezi sita virusi vilishuka, na kipimo kikafika 10: tatu za vidole, tatu za mkono, nne za maneno. Mhudumu alitutahadharisha kwamba huenda maneno yale alikwisha kuyazoea. Na 10 bado imo ndani ya mstari, kwani si kila kilichodhurika hurejea.

Amerudi dukani, ila hesabu kubwa humwachia mwanawe. Kutuswalisha ameomba apumzike. Husimama safu ya kwanza, na akipoteza hesabu, imamu yuko mbele yake. Minong'ono imekwisha, ingawa wengi hawajui sababu, wala haiwalazimu kuijua.