Tojo Mpya na Kazi ya Tumbaku



Tangu zamani watu wa huku kwetu wametia alama mwilini. Wazee wengi wa Kikakwa na wa Kinubi walichanjwa mistari mitatu kwenye mashavu, na masikio ya wasichana hutogwa mpaka leo. Siku hizi vijana wa Arua na Koboko wanachorwa tojo za wino, wanazoziita tatoo. Hatukuja kuwakataza. Tunataka kueleza jinsi ya kuitunza ngozi baada ya kazi hiyo, kwa sababu wengi wetu Jumatatu asubuhi tunarudi kwenye majani, vumbi na jasho.

Kwanza tuelewe kwamba tojo mpya ni jeraha. Sindano hupita ngozi ya juu na kuweka wino chini yake, kama milimita moja au mbili. Siku mbili tatu za kwanza mahali hapo huvimba kidogo, huuma, hupata joto na kutoa majimaji yenye rangi ya wino. Hiyo ni kawaida. Kuanzia siku ya nne au ya tano ngozi huanza kuwasha na kubambuka vipande vyembamba. Usikwangue wala usibandue, maana gamba likitoka kabla ya wakati wake hutoka na wino. Baada ya wiki mbili mpaka nne ngozi ya juu inakuwa imefunga, lakini ile ya ndani huchukua miezi miwili au mitatu.

Utunzaji wenyewe si wa gharama. Nawa mikono kwanza. Osha tojo mara mbili kwa siku kwa maji safi na sabuni isiyo na manukato, kisha ikaushe kwa kuigusagusa na kitambaa safi, bila kusugua. Pakaa vaselini kidogo sana, ngozi ing'ae tu. Ukipakaa nyingi ngozi hulainika kama iliyokaa majini, na jeraha huchelewa kukauka. Ikianza kubambuka, tumia losheni isiyo na harufu. Mafuta ya shea ya kopo la sokoni, ambalo kila mtu ametia kidole, yangoje mpaka ngozi ifunge. Shuka ikigandamana na tojo usiku, usiivute. Ilowanishe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka iachie. Mtoni usiogelee kwa wiki nne.

Kuhusu jua, usipake krimu ya kuzuia jua juu ya jeraha bichi. Vaa shati la pamba la mikono mirefu lisilobana, na ulibadilishe kila siku. Krimu ni ya baadaye, ngozi ikishafunga.

Tuna mfano. Kijana mmoja wa Koboko alichorwa jina la mama yake kwenye mkono wa mbele siku ya Jumamosi. Jumatatu alipangiwa kufunga majani mabichi ya tumbaku, yenye umande. Maji ya jani la tumbaku yana nikotini, nayo hupita kwenye ngozi, na kwenye ngozi iliyochubuka hupita upesi zaidi. Kufika mchana alikuwa na kizunguzungu na anatapika. Wenzake walidhani ni malaria. Siku ya nne, badala ya maumivu kupungua, yaliongezeka.

Hapo ndipo pa kuangalia. Vitabu husema tazama wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu haujitokezi vizuri. Huonekana kama weusi au zambarau. Basi pima joto kwa mgongo wa kiganja, ukilinganisha na mkono wa pili. Muuguzi alichora mstari wa kalamu kuzunguka uvimbe wa kijana huyo. Kesho yake uvimbe ulikuwa umevuka mstari. Alipewa dawa za antibaiotiki akapona, ila herufi mbili za jina zimefifia.

Ukiona uvimbe unavuka mstari, usaha wenye harufu, homa, au msitari unaopanda kuelekea kwapani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Muulize pia mganga kuhusu chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B. Sindano iliyotumika kwa mwingine huleta homa hiyo na Ukimwi, na hakuna losheni itakayoitoa.

Kwa waliotoga: ndewe ya sikio hupona kwa wiki sita mpaka nane, pua kwa miezi kadhaa. Hapa vaselini haifai, huziba tundu. Osha kwa robo kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa, na usizungushe hereni. Ikitunga usaha usiivue mwenyewe, kwani tundu litafunga na usaha ubaki ndani. Na kama mna ukoo wenye makovu yanayoota na kuzidi jeraha lenyewe, afadhali usitoge sehemu ngumu ya sikio.

Anayetaka tojo achague majuma ambayo hana zamu ya majani mabichi. Kama zamu imekwisha pangwa, amwombe msimamizi abadilishane na mwenzake kwa wiki mbili, kabla ya kwenda kuchorwa.