Kufuta Jina Hakutoshi

Rejesta ya kliniki ya wajawazito ina safu nyingi. Jina la mama, umri, kijiji anakotoka, namba ya simu, mimba ya ngapi, shinikizo la damu, hali ya VVU. Muuguzi huijaza kwa haraka, foleni ikiwa ndefu, na mama hutoa majibu yote kwa sababu anataka kutibiwa. Hajui kwamba siku moja mtafiti atakuja kuiomba rejesta hiyo.

Tuchukue mfano. Timu ya chuo kikuu nchini Kenya inataka kujua kama shinikizo la damu linalopimwa mapema linaweza kuonyesha ni nani atakayepata kifafa cha mimba, ambacho kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki ya 20. Kamati ya maadili imeridhia, leseni ya NACOSTI imepatikana, na hospitali ya kaunti imekubali kushirikiana. Kinachobaki ni mkataba wa kushirikishana data. Kishawishi kikubwa hapo ni kuchukua mkataba wa mwaka juzi, kubadilisha majina na kuupeleka kutiwa saini.

Angalia kifungu cha lengo. Kikisema tu kwamba data itatumika "kwa utafiti wa afya ya akina mama", hakijazuia lolote, maana hata hali ya VVU ni afya ya akina mama. Kikisema data itatumika kupima uhusiano kati ya shinikizo la damu kabla ya wiki ya 20 na kifafa cha mimba, orodha ya safu inajiandika yenyewe: umri wa mama, umri wa mimba, mimba ya ngapi, vipimo vya shinikizo, protini kwenye mkojo, na jinsi alivyojifungua. Safu ya VVU haimo. Namba ya simu haimo. Orodha hiyo huwekwa kwenye kiambatisho, safu moja baada ya nyingine, na kisichotajwa humo hakitoki hospitalini. Mtafiti akigundua baadaye kwamba anahitaji safu nyingine, anarudi kuomba upya, na kamati ya maadili inaarifiwa.

Ulegevu wa lengo umewahi kuitia aibu hata hospitali kubwa. Mwaka 2015 hospitali ya Royal Free ya London ilianza kuipa kampuni ya DeepMind rekodi za wagonjwa wapatao milioni 1.6, ili programu ya kuwaonya madaktari kuhusu ugonjwa wa figo ifanyiwe majaribio. Julai 2017 kamishna wa habari wa Uingereza aliamua kwamba hospitali hiyo ilikiuka sheria ya ulinzi wa data. Wagonjwa hawakuwa wameelezwa vya kutosha, wala hawakuwa na sababu ya kutarajia kwamba rekodi zao zingetumika hivyo. Nia ilikuwa kuokoa maisha, lakini nia njema haikuwa kinga.

Sasa tuje kwenye kuficha utambulisho, ambako wengi hudhani kazi ni kufuta safu ya jina. Katika miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliwapa watafiti rekodi za hospitali za watumishi wake, majina yakiwa yameondolewa. Gavana wa wakati huo, William Weld, aliwahakikishia watu kwamba hakuna atakayetambulika. Latanya Sweeney, aliyekuwa mwanafunzi, alinunua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge kwa dola 20 na kulilinganisha na rekodi hizo. Watu sita waliokuwa na tarehe ya kuzaliwa sawa na ya gavana. Watatu kati yao walikuwa wanaume. Mmoja tu ndiye aliyeishi katika eneo lake la posta. Rekodi ya matibabu ya gavana ikawa mezani kwa Sweeney.

Huku kwetu hata daftari la kununua halihitajiki. Mama wa miaka 47 aliyejifungua mapacha mwezi wa tatu katika kijiji fulani atatambuliwa na kijiji kizima. Kwa hiyo mkataba mzuri hautosheki na kusema "majina yataondolewa". Unaeleza kila safu itafanywaje. Tarehe ya kuzaliwa inakuwa umri kwa makundi, na wote wa miaka 40 na zaidi wanaingia kundi moja. Kijiji kinapanda hadi kaunti ndogo. Tarehe zote za mama mmoja zinasogezwa kwa idadi ileile ya siku, iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, ili siku kati ya kliniki na kujifungua zibaki zilezile lakini siku halisi zisijulikane. Kisha mtunza rekodi anahesabu: kama muunganiko wowote wa umri, kaunti ndogo na idadi ya watoto una wanawake chini ya watano, makundi yanapanuliwa tena.

Namba ya faili hubadilishwa na namba mpya ya kubahatisha. Orodha inayounganisha namba hizo mbili, yaani ufunguo, hubaki hospitalini na haipandi kwenye kompyuta ya mtafiti hata kwa siku moja. Na maadamu ufunguo upo, data hiyo bado ni ya watu wanaoweza kujulikana, na sheria inaendelea kuilinda. Mkataba unaodai vinginevyo unadanganya.

Safu inayosahaulika zaidi ni ile ya maelezo. Daktari anaandika "mke wa chifu, amekuja na mama mkwe", na kazi yote ya kuficha inakuwa bure. Nashauri safu hiyo isitoke kabisa, isipokuwa mtu wa hospitali ameisoma mstari kwa mstari.

Hata hivyo ajali hutokea. Ijumaa saa mbili usiku msaidizi wa utafiti anagundua kwamba laptopu yake imeibwa kwenye matatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mwenye dhamana ya data ajue kwamba taarifa zimefikiwa na mtu asiyeruhusiwa, pale ambapo kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenye taarifa hizo. Saa hizo hazisimami Jumapili. Ndiyo maana mkataba unampa mtafiti muda mfupi zaidi, tuseme saa 24, na unataja mtu wa kupigiwa simu pamoja na naibu wake. Hospitali ikiarifiwa Jumamosi saa mbili usiku, ina hadi Jumanne saa mbili usiku.

Simu hiyo ina maswali yake: safu zipi zilikuwa kwenye mashine, za akina mama wangapi, diski ilikuwa imefungwa kwa usimbaji au la, nenosiri lilikuwa limeandikwa wapi. Kama diski ilisimbwa vizuri na ufunguo ulibaki hospitalini, mwizi amepata chuma tu, na huenda hata kuwaarifu akina mama kusihitajike. Kama ilikuwa faili ya Eksel iliyoachwa wazi, ikiwa na vijiji ndani, ni lazima waelezwe, tena na hospitali, ambayo ndiyo wanayoijua. Kifungu kinachotishia kumfukuza aliyepoteza mashine ni kibaya, kwa sababu humfanya asubiri hadi Jumatatu akitumaini itapatikana. Aadhibiwe anayeficha.

Mgonjwa naye hajaachwa nje. Sheria hiyo ya Kenya inampa haki ya kuelezwa taarifa zake zinatumiwaje, na ya kupinga matumizi hayo. Ukiambiwa kliniki kwamba rekodi zako zitaingia kwenye utafiti, uliza ni safu zipi zinazotoka, na ufunguo unakaa kwa nani.