Mita Hairudi Nyuma

Ankara ya maji imeandika usomaji uliopita 412, wa sasa 472: uniti 60, yaani lita 60,000, kwa nyumba iliyozoea uniti 15. Mwenye nyumba asikimbilie kutafuta bomba linalovuja. Kwanza aitazame mita.

Tarakimu nyeusi ndizo uniti nzima. Nyekundu ni vipande tu. Siku tatu baadaye nyeusi zinasoma 429. Kwa kawaida mita haishuki, kwa hiyo yaelekea msomaji aliona 427 akaandika 472. Apige picha inayoonyesha namba ya mita, apeleke malalamiko.

Akiwa hapo, aangalie kundi la mteja: majumbani au biashara? Na pale bei inapopanda kwa madaraja, uniti 45 za uongo huenda zimetozwa bei ya juu zaidi, basi hesabu yote irudiwe.