Maswali matatu kabla ya kukubali kazi Custom

JUBA – Usaili wa kazi katika duka la jumla, hapa Custom au kwingineko, huishia kwa maneno mamoja: "Na wewe, una swali?" Wengi hujibu hapana. Kwa aliyetoka Uganda au Kenya na kuvuka mpaka Nimule, jibu hilo huweza kumgharimu nauli na miezi kadhaa ya kazi.

Kuuliza "Mazingira ya kazi yakoje?" hakusaidii, kwani kila mwajiri atasema ni mazuri. Swali linalofichua mambo huulizia jambo lililokwisha kutokea.

La kwanza: "Aliyefanya kazi hii kabla yangu alikaa muda gani, na sasa yuko wapi?" Akiambiwa kwamba mtunza stoo wa zamani sasa anasimamia duka la pili, mwombaji ajue kuna nafasi ya kupanda. Akisikia kwamba yeye ni wa tatu mwaka huu, aulize wale wawili waliondoka kwa nini.

La pili: "Mara ya mwisho hesabu ya stoo ilipopungua, mlifanya nini?" Tuseme lori lilipakia katoni 200, stoo zikahesabiwa 196. Duka lenye utaratibu litaeleza nani alihesabu wakati wa kushusha, nani alitia saini, na dereva aliulizwa nini. Jibu likiwa "tuliwakata wote mshahara," mwombaji ameshajua hasara ya duka hilo huangukia nani.

La tatu ni la fedha, na heri liulizwe mwisho: "Mshahara hulipwa kwa sarafu gani, kwa kiwango cha wapi, na wa mwezi uliopita ulitoka tarehe ngapi?" Juba kiwango cha benki na cha mtaani huweza kupishana sana. Tuchukue mfano wa mshahara wa dola 300 unaolipwa kwa pauni. Benki ikiwa 4,000 kwa dola, mfanyakazi hupokea pauni 1,200,000. Akienda kununua dola mtaani kwa 5,000 ili atume nyumbani, anapata 240. Dola 60 zimepotea bila mtu kuvunja ahadi.

Msaili akiwa karani tu, huenda hajui majibu yote. Hilo si kosa. Mwombaji aombe kuonana na mwenye duka au mhasibu, tena kabla ya kutia saini. Cha kuangalia ni namna ya kujibu: anayejua hutaja tarehe, cheo na kiasi, naye anayekwepa husema "usijali, hapa sisi ni familia."

Majibu hayo yaandikwe siku hiyohiyo, na la sarafu na kiwango liingizwe kwenye mkataba. Mwajiri akikataa kuliandika, mwombaji asihesabu zile dola 300 kuwa mshahara wake.