Anakumisi kila usiku, ila Jumamosi hana nafasi

Wamekutana Tinder, wakahamia WhatsApp siku ya tatu, na sasa wana mwezi mzima wa kuchati. Kijana anakaa Tabata, binti anasema yuko Kigamboni. Mazungumzo yao nimeyatunga mwenyewe, lakini anayechati na watu wa mtandaoni hatayaona mageni.

Jumatatu, saa 4:12 usiku.

"Yani leo nimekuwaza siku nzima," anaandika binti. "Kazini wamenishangaa nacheka peke yangu na simu."

"Basi tuonane. Jumamosi una ratiba gani?"

"Jamani, natamani kweli! Ila Jumamosi hii nimebanwa, kuna shughuli nyumbani. Tutapanga tu."

"Sawa, basi wiki ijayo."

"Eeh, tutaangalia. Umekula lakini? Ngoja nikutumie picha uone nilichopika."

Picha ikaja, pilau na kachumbari. Kijana akasifia, usiku ukaisha vizuri. Alhamisi binti ndiye aliyeanza.

"Mbona kimya? Umeshapata mwingine, eti?"

"Hapana bwana, kazi zilinizidi. Vipi Jumapili tukapate juisi Mlimani City?"

"Mlimani City napapenda! Siku nikikuona pale nitakukumbatia mpaka watu watushangae."

"Kwa hiyo Jumapili?"

"Usinikimbize bwana, mimi nipo tu."

Ukimwonyesha rafiki yako mazungumzo haya, atakujibu kwa haraka moja kati ya mawili: anakupenda, kazana, au anakuchezea, mfute. Yote mawili ni ya kukisia. Mazungumzo yenyewe yana ushahidi, ila inabidi yasomwe kwa utulivu, na si usiku ule ule ambao mtu ametoka kuambiwa amewazwa siku nzima.

Njia rahisi ni kuyatoa kwenye simu. WhatsApp ya Android, fungua mazungumzo, bonyeza vidoti vitatu, kisha "More", "Export chat" na "Without media". Utapata faili la maandishi matupu, kila ujumbe na tarehe, saa na aliyeandika. Pilau halionekani tena, wala picha ya kitenge kipya. Sasa soma ukitafuta kitu kimoja tu: kila mahali mmoja wenu alipogusia kuonana, na mistari miwili mitatu inayofuata. Hayo mengine yote ya kumisiana yaache kando kwa muda. Si lazima yawe ya uongo, ila hayajibu swali lako.

Tuanze na kukataa kwa Jumatatu. Sababu aliyotoa ni nzuri. Dar es Salaam Jumamosi ina kitchen party, sendofu, arobaini na vikao vya harusi. Mtu kubanwa si ajabu. Wengi hupoteza muda wakipima kama sababu ni ya kweli, jambo ambalo kwa maandishi huwezi kulijua. Angalia kinachoifuata. Muuguzi anayetaka kukuona atakwambia, "Jumamosi nipo zamu, ila Jumanne natoka saa nane mchana." Amekataa siku, akaleta siku. Binti wetu amekataa siku, akaleta pilau.

Alhamisi inaonyesha zaidi. Kwanza yeye ndiye aliyeanza kuandika, tena kwa wivu kidogo. Kwa hiyo si kweli kwamba hana haja na kijana. Ana haja naye sana, ndani ya simu. Pili, alipoulizwa Jumapili Mlimani City, alijibu kuhusu mahali na akairuka siku. Anapapenda, atamkumbatia, watu watashangaa. Ni jibu tamu mno, na ndiyo maana kijana karibu asigundue kuwa hakujibiwa. Tatu, kijana alipouliza mara ya pili, kosa likahamia kwake: anakimbiza watu.

Ukiona mambo hayo matatu yakifuatana, yaani siku inakataliwa bila nyingine kutajwa, mada inageuzwa kwa utamu, na anayeuliza tena anaonekana msumbufu, hapo pana mtu anayekwepa. Dalili ambayo watu huikosa ni ile ya katikati. Soma mwezi mzima na utaona kwamba maneno matamu kuliko yote huja mara tu baada ya kuonana kuahirishwa. Ni fidia, na anayelipwa huridhika, akasahau anachodai.

Hata hivyo, kabla ya kumhukumu binti, kijana naye ana makosa yake. "Jumamosi una ratiba gani" si mwaliko, ni kuulizia habari. "Basi wiki ijayo" haina siku. Pendekezo la Mlimani City ndilo lililokaribia, lakini halikuwa na saa. Sisi tumelelewa kutomkatalia mtu usoni. Anayeulizwa jambo la juujuu hujibu la juujuu, na huo ni uungwana, si ujanja. Kwa ushahidi uliopo hadi Alhamisi, mimi nisingetoa hukumu. Ningetuma ujumbe mmoja ulionyooka, kama huu:

"Jumamosi ya wiki ijayo saa tisa alasiri, Mlimani City, tukae saa moja tu. Ukitaka njoo na rafiki yako. Kama haifai, chagua wewe siku na sehemu."

Kila kipande kina kazi. Alasiri, kwa sababu bado ni mchana na usafiri wa kurudi Kigamboni upo. Saa moja, kwa sababu mtu asiye na uhakika hukubali kitu kifupi kuliko kirefu. Rafiki, kwa sababu ya hofu, na hofu hiyo si ya kubezwa. Januari 27, 2024 wanawake wa Kenya waliandamana Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, baada ya mfululizo wa vifo, baadhi vikiwa vya wasichana waliouawa kwenye nyumba za kupanga kwa siku chache. Msichana anayesitasita kukutana na mtu wa mtandaoni ana akili timamu. Anayemwita msichana huyo mwoga ndiye wa kuogopwa.

Kipande cha mwisho, cha kumwachia achague, ndicho kinachotenganisha mwenye tahadhari na mkwepaji. Mwenye tahadhari hubadilisha masharti: "Naogopa kidogo, tuongee kwa video kwanza," au "Mlimani City mbali, njoo Kivukoni, tukutane kwenye pantoni mchana." Hilo ni jibu zuri kuliko "sawa" ya haraka, kwa sababu amelifikiria. Mkwepaji hubadilisha mada: "Hahaha, umekuwa siriasi hivyo!" Mmoja anaogopa mahali au mazingira, mwingine anaukwepa mkutano wenyewe.

Kuna jibu la tatu, maarufu kote Dar na Nairobi: "Nitumie nauli." Lipime kwa umbali. Kutoka Kigamboni hadi Mlimani City ni pantoni na daladala, haifiki elfu tano kwenda na kurudi. Akitaka elfu thelathini, hiyo si nauli. Na hata ikiwa ndogo, usiitume kabla. Mwambie utamrudishia mkionana, au uagize gari wewe kwa simu yako limfuate mlangoni. Mwenye shida ya nauli tu atafurahi. Aliyezoea kula nauli atakasirika, na hasira yake itakuwa jibu la bure.

Sasa, kwa nini mtu akwepe huku akiandika kila usiku? Faili lile linaweza kukupa fununu, kupitia saa. Kama ujumbe wake wote unaanguka kati ya saa nne na saa sita usiku, mwisho wa wiki kimya, na simu ukipiga haipokelewi ila baada ya dakika mbili unaandikiwa "nipo sehemu ina kelele," yawezekana kuna mtu mwingine ndani ya nyumba. Kama anaandika saa zote, Jumapili pia, jambo ni jingine: upweke, kidonda cha mapenzi yaliyopita, au picha aliyoweka si yake, au ni yake ya miaka sita iliyopita. Lakini fununu ni fununu. Mwenye zamu za usiku naye huandika saa za ajabu, na maandishi hayatakuonyesha moyo wa mtu.

Ninachoweza kusema ni kwamba si wote ni matapeli. Mwaka 1996 mtafiti wa mawasiliano Mmarekani, Joseph Walther, alieleza kwamba watu wanaowasiliana kwa maandishi huweza kufikia ukaribu unaozidi ule wa ana kwa ana. Anayeandika ana muda wa kuchagua maneno na kuficha asichokipenda kwake. Anayesoma naye hujaza mapengo kwa mazuri anayoyatamani. Binti wa Kigamboni huenda anampenda kweli kijana aliyemjenga kichwani, na anajipenda yeye mwenyewe alivyo ndani ya mazungumzo hayo. Juisi ya Mlimani City ingeviweka vyote viwili rehani.

Wengine, bila shaka, ni uongo mtupu. Manti Te'o, mchezaji nyota wa mpira wa miguu wa Kimarekani katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, alikuwa na mpenzi wa mtandaoni aliyeongea naye kwa simu saa nyingi. Kila walipokaribia kuonana palitokea jambo: mara ajali, mara kansa ya damu, na Septemba 2012 akaambiwa amefariki. Januari 2013 tovuti ya Deadspin ikafichua kwamba mwanamke huyo hakuwahi kuwepo. Nyuma yake alikuwa mtu mwingine aliyetumia picha za msichana asiyejua lolote. Te'o alieleza kwamba walipojaribu simu ya video yeye aliona kiboksi cheusi tu. Aliridhika na sauti. Ndiyo maana simu ya video ya dakika tano, ambayo uso unaonekana na kujibu ulichouliza sasa hivi, ina uzito kuliko miezi ya sauti usiku. Inayokwama kila mara kwa upande wa picha tu ihesabu kama kukwepa.

Turudi kwa kijana wa Tabata. Atume ule ujumbe mara moja, asiongeze utani wala vikopa, kisha asiandike tena mpaka ajibiwe. Akijibiwa utamu bila siku, apumzike wiki moja na kurudia mara ya pili, kwa siku, saa na mahali pengine, karibu na anakosema binti anakaa. Ya pili nayo ikirudi bila siku, aache kudai. Asimtukane wala asimtungie mtego kwa akaunti nyingine. Aseme tu, "Nimefurahi kukufahamu, siku ukiwa tayari kuonana utanitajia siku," na arudi kwenye shughuli zake. Kama anataka kuendelea kuchati naye kwa sababu anafurahia kuchati, ni haki yake. Ila asimkatalie dada mwingine juisi ya Jumamosi kwa ajili ya mazungumzo hayo.