Mchicha Huu Una Karanga?

Mgeni amekaa mezani katika hoteli ya ufukweni, tuseme kule Nungwi, Unguja. Amepitia orodha ya vyakula, kisha anamwuliza mhudumu: "Samahani dada, mchicha huu una karanga?" Mhudumu anajua kuwa leo umepikwa mchicha wa nazi, basi anajibu kwa nia njema kabisa: "Hauna, umepikwa kwa tui tu." Kwa upande wa vitu vilivyotiwa sufuriani, amesema kweli. Lakini aliyeuliza ni mtu ambaye punje chache za karanga humfunga pumzi, na yeye anataka kujua zaidi ya hapo.

Ukiingia jikoni utaona kwa nini. Kwenye jiko la pembeni kuna sufuria ya kisamvu cha karanga, na mwiko uliokitia mkorogo ndio huo huo unaogeuza mchicha. Kitunguu saumu kimetwangwa ndani ya kinu ambacho asubuhi kilitwanga karanga, kikafutwa kwa kitambaa. Hakuna aliyetia karanga kwenye mchicha, na bado karanga imefika.

Wapishi wengi wamefundishwa usafi wa kupambana na vijidudu, na huko moto ni rafiki: chakula kikiiva barabara, vijidudu vinakufa. Mzio haufuati kanuni hiyo. Kinachomdhuru mgeni ni protini ya karanga yenyewe, ambayo kinga ya mwili wake huiona adui. Protini hiyo haina uhai wa kuuawa, na kuikaanga au kuichemsha hakuifanyi salama. Dawa ya kunyunyizia meza nayo haitoshi, kwa kuwa huua vijidudu na kuacha mabaki palepale. Hata vitakasa mikono havisaidii: watafiti waliopaka watu siagi ya karanga mikononi waliona kwamba sabuni na maji ya bomba huondoa protini, ilhali kitakasa mikono kiliiacha. Kinachotakiwa ni kuondoa kwa kuosha: maji ya moto, sabuni, kusugua, kusuuza, kisha kukausha kwa kitambaa safi. Vyombo vya mti havikubali kazi hiyo vizuri. Kinu, mwiko wa mbao na kibao chenye mikwaruzo huficha mabaki kwenye nyufa, kwa hiyo jiko makini huweka seti ya pembeni ya plastiki au chuma kwa ajili ya wageni hawa tu. Jikoni nyingi za kitaalamu huchagua rangi ya zambarau kwa vyombo hivyo ili visichanganyike na vingine.

Ngano ina mtego wake. Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki hafungwi pumzi hapo mezani. Gluteni, ambayo ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai, huufanya mwili wake ushambulie utumbo wake mwenyewe, naye anaweza kuondoka akitabasamu na kuumia baadaye. Kiwango cha kimataifa cha Kodeksi kinataka chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Tuipime kwa macho ya jikoni: unga wa ngano una gluteni kama asilimia 8 au zaidi kidogo, hivyo robo gramu ya unga inatosha kufikia kikomo cha kilo nzima ya chakula. Robo gramu ni ule unga unaoshikika kwa ncha za vidole viwili. Mpishi anayesukuma chapati kwenye meza ya jirani hutawanya zaidi ya huo bila kujua.

Ndiyo maana chips ndizo zinazowaangusha wengi. Viazi havina ngano, mafuta hayana ngano, na mhudumu atasema bila wasiwasi kwamba chips ni salama. Lakini tazama karai lenyewe: saa moja iliyopita zilikaangwa sambusa, zikafuata vipande vya samaki vilivyopakwa unga, na chembe nyeusi zinazoelea ni mabaki yao. Kuchuja mafuta hakutoi protini yote. Ama kuna karai la pili lenye mafuta yake, ama mgeni aambiwe waziwazi: "Chips zetu zinakaangwa karai moja na sambusa, siwezi kukuhakikishia. Nikuchemshie viazi kwenye sufuria safi?" Kwangu mimi hilo ni jibu zuri kupita "hakuna shida", kwa sababu linamwachia mgeni uamuzi wa mwili wake.

Vyakula vyetu vingine huficha mambo ndani kabisa. Urojo mara nyingi huongezewa uzito kwa unga wa ngano. Unga wa lishe wa uji huchanganywa karanga, na pengine soya na ngano. Sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano. Unga wa mahindi hauna gluteni, lakini ukisagwa kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano, unabeba ya mwenzake. Kwa maziwa, ulizia samli iliyomiminwa juu ya biriani na siagi iliyopakwa samaki wa kuchoma dakika ya mwisho. Mgeni anayesema hawezi maziwa aulizwe kwa upole ni kwa namna gani. Wengine hushindwa kusaga sukari ya maziwa wakapata gesi na kuharisha; wengine wana mzio wa protini yake, na hao tone la samli linaweza kuwapeleka hospitali.

Hatari nyingine huanzia dukani. Mwaka 2014, huko Yorkshire, Uingereza, mtu mwenye mzio wa karanga aliagiza kuku wa mchuzi na kuomba kisiwe na karanga wala jamii yake. Kifuniko cha chakula kiliandikwa kwamba hakina. Akala, akafariki. Mwenye mgahawa alikuwa ameacha kununua unga wa lozi na kuchukua mchanganyiko wa bei nafuu uliokuwa na karanga ndani. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 6. Maandishi ya kifuniko hayakuwa na thamani, kwa sababu kilichokuwa kwenye pakiti kilikuwa kimebadilika. Kwa hiyo pakiti isitupwe hadi bidhaa iishe, na anayetumwa sokoni akirudi na aina nyingine, amwambie mpishi kabla ya kuimimina kwenye kopo la zamani.

Mhudumu wetu wa Nungwi, basi, afanyeje? Asijibu kwa kukisia. Aandike mzio kwenye karatasi ya oda, aende mwenyewe kwa mpishi, asome naye pakiti. Mpishi aoshe mikono kwa sabuni, atumie sufuria, kisu na mafuta mapya, apike mbali na kisamvu, afunike. Mtu mmoja aibebe sahani hiyo peke yake hadi mezani, na aitaje: "Huu ni wa kwako, bila karanga." Ikitokea mtu akanyunyizia karanga juu kwa mazoea, kuziokota hakutoshi. Chakula kipikwe upya kwenye sahani nyingine.

Na mgeni akianza kuwashwa mdomo, midomo ikivimba, akatapika, akakohoa au sauti ikakauka, msimpe maji na kungoja. Mwulizeni kama ana sindano yake ya adrenalini. Huchomwa upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo. Mlazeni miguu ikiwa juu, na kama anapumua kwa shida mketisheni, ila asisimame wala asitembezwe kwenda kwenye gari. Dawa ya kuwashwa haichukui nafasi ya sindano. Apelekwe hospitali hata akipata nafuu, kwa kuwa dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa, na pakiti za alichokula ziende naye.